Vilima vya Léoncie Ndani ya Mabakuli

Katika chumba cha kufulia cha hoteli moja huko Irving, karibu na uwanja wa ndege, kila kitu ni cheupe. Mashuka meupe, taulo nyeupe, mvuke mweupe unaopanda kutoka kwenye pasi kubwa na kutanda darini kama ukungu wa asubuhi. Léoncie alikuwa amefanya kazi humo miaka mingi, hata mikono yake ikajua kukunja shuka bila kumsubiri mwenyewe, na akili ikabaki huru kwenda ilikotaka. Nayo ilipenda kwenda vilimani.

Vilima vyenyewe hakuwa na hakika navyo. Alitolewa Rutana, Burundi, akiwa mgongoni mwa shangazi yake, akakulia katika kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu, Tanzania, na kutoka hapo akaletwa Texas, nchi tambarare kama meza. Kwa hiyo vile vilima huenda aliviona kwa macho yake ya uchanga, huenda shangazi alimsimulia, huenda ni ndoto tu. Kila vilipomjia vilikuja na sura mpya. Leo kijani kibichi chenye njia nyekundu ya vumbi, kesho buluu iliyofifia kama moshi, na siku nyingine rangi ya waridi, rangi ambayo hakuna kilima duniani kilicho nayo.

Siku ya Jumamosi alipanda treni hadi Carrollton. Kulikuwa na karakana ya wafinyanzi nyuma ya duka la matairi, na parokia yake ilikuwa imewalipia kina mama wachache mafunzo ya msimu mmoja. Msimu ulipokwisha wengine waliacha. Léoncie alibaki. Hakuwa hodari wa kufinyanga. Mabakuli yake yalikuwa ya kawaida, mazito kidogo upande mmoja. Lakini alipoinamia bakuli kwa brashi nyembamba, watu wa karakana walipunguza sauti bila kujua kwa nini.

Aliyesimamia matanuri pale ni Modestus, Mtanzania wa Bukoba, mtu mrefu, mpole, mwenye vumbi la udongo kwenye nyusi. Ndiye aliyemfundisha kwamba rangi ya mfinyanzi ni ya kuaminiwa kwa moyo. Ukiipaka juu ya udongo uliochomwa mara ya kwanza huwa imepauka kama chaki. Unaifunika kwa glezi, ule uji wa vumbi la kioo, na hapo huioni kabisa. Bakuli zima linakuwa jeupe kama mashuka ya hoteli. Kisha linaingia tanurini, kioo kinayeyuka, na ukifungua mlango baada ya tanuri kupoa, vilima vimerudi, vinang'aa.

"Mara ya kwanza nililia," Léoncie alimwambia rafiki yake Shiru.

Shiru alikuwa Mkenya, binti wa Nyeri, mwenye kazi ya ofisini pale uwanja wa ndege. Waliishi jengo moja la ghorofa, na urafiki wao ulianzia kwenye ngazi, mmoja akibeba gunia la unga na mwingine akishika mlango. Shiru ndiye aliyemfungulia duka mtandaoni. Alipiga picha za mabakuli kwenye kibaraza jua likiwa limelala, akaandika maelezo kwa Kiingereza, kisha akamsomea rafiki yake kwa Kiswahili.

"Sikiza, dada. 'Bakuli lililochorwa kwa mkono. Salama kwa chakula. Salama kwa maikrowevu. Salama kwa mashine ya kuosha vyombo. Utapata hasa unachokiona kwenye picha.'"

"Hasa?" Léoncie aliuliza.

"Si ndivyo kila mtu anaandika? Nime-check maduka mengine kama kumi hivi. Wote wanasema hivyo."

Neno "salama" lilimpendeza Léoncie masikioni. Lilitua mara tatu kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Haukupita muda mrefu, simu ikaja kutoka Houston. Aliyepiga ni Jedidah, muuguzi wa Kikenya aliyefungua nyumba ndogo ya kulelea wazee, katika mtaa wa makazi, vyumba vichache, bustani nyuma. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuzungumza na wasiosikia vizuri, ya polepole na ya wazi.

"Dada Léoncie, nimeona mabakuli yako. Wazee wangu ni sita. Nataka kila mmoja awe na lake, kilima chake. Wako wanaosahau. Sahani zote hapa ni nyeupe, na kuna mzee mmoja, Mzee Zéphyrin, alikuwa mwalimu huko Uvira, yeye hali. Akiwekewa sahani anaisukuma. Anasema hiyo ni ya mtu mwingine, hawezi kula chakula cha mtu."

Léoncie alikaa chini pale pale, kwenye kapu la mashuka.

"Yapo," alisema. "Ninayo sita rafuni. Yanakungojea."

Yalikuwepo kweli, ya udongo mwekundu laini, mazuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Moja lilikuwa na kile kilima cha waridi. Jumamosi iliyofuata alikwenda Carrollton na Shiru kuyafunga. Wakati wanatafuta magazeti, Jedidah akapiga tena.

"Nimesahau kuuliza. Mmeandika ni salama kwa maikrowevu, sivyo? Maana uji wao tunaupasha kila mara, wanakula polepole, unapoa. Na wengine wana sukari, vidole havisikii moto. Mtu anaweza kushika kitu cha kuunguza asijue."

"Ni salama, mama, iko kwa maelezo," Shiru alijibu kwa furaha, simu ikiwa kwenye spika.

Lakini Léoncie alibaki ameshika gazeti mkononi. Nyumbani kwake hakuwahi kupasha chakula kwenye maikrowevu. Alipasha jikoni kwenye sufuria, kama alivyofanya shangazi. Alikuwa na bakuli moja la kundi lile lile alilolitumia tangu masika, akiliacha kwenye karai la maji kila alipomaliza kula. Kwa hilo bakuli angeweza kuapa kuwa halivuji. Kuhusu maikrowevu hakujua lolote. Neno lile lilikuwa la maduka mengine kumi.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, aliosha bakuli lake, akatia uji, akaliweka kwenye maikrowevu ya Shiru. Wakasikiliza mashine ikivuma. Ilipolia, Shiru akafungua, Léoncie akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea mtoto.

Aliliachia papo hapo. Likaanguka kwenye sinki likapasuka vipande vitatu, na kilima kikabaki kimekatika katikati. Shiru akachovya kidole kwenye uji uliomwagika.

"Uji ni vuguvugu tu," alisema kwa mshangao. "Hata haujapata moto."

Viganja vya Léoncie vilikuwa vyekundu. Alivishika chini ya maji ya bomba na kukodolea macho vile vipande. Pale palipopasuka, udongo ulikuwa na unyevunyevu, mweusi kidogo, kama ardhi baada ya manyunyu.

Karakanani, Modestus hakuhitaji maelezo marefu. Alichukua bakuli jingine la udongo ule, akalipima kwenye mizani ya jikoni likiwa kavu. Akalichemsha kwenye sufuria, akaliacha lipoe majini, akalifuta, akalipima tena. Lilikuwa limeongezeka uzito kwa namna isiyofichika.

"Udongo huu unachomwa kwa joto la chini," alisema. "Haujifungi. Juu umevaa kioo, lakini tazama huku chini, kwenye kisigino, pako wazi. Ukiliosha linakunywa maji. Maikrowevu inachemsha maji popote yalipo, nayo haichagui. Kwa hiyo bakuli linaungua na uji unabaki kusubiri zamu yake."

"Kwa chakula je?" Léoncie aliuliza.

"Glezi yenyewe kopo lake linasema haina risasi, yale madini ya sumu, na tumeichoma kwa joto lake. Kwa matunda, kwa mkate, kwa chakula kisichopashwa, halina tatizo. Ila uliangalie. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele zimetambaa kwenye kioo, uchafu unaingia humo na hautoki. Hapo bakuli limestaafu, litumie kuwekea funguo tu."

Shiru alikuwa ameinama. "Ni mimi niliyeandika," alisema. "Nili-copy tu. Sikufikiria mtu atashika."

"Tuliandika wote," Léoncie akamjibu. "Mimi ndiye niliyependa neno."

Akampigia Jedidah mwenyewe. Hakupamba. Alimwambia mabakuli ni mazuri lakini hayafai nyumba yake, yangewaunguza wazee, na kama angekubali kungoja angetengeneza mengine kwa udongo mwingine. Upande wa pili ilisikika redio ya mtu mbali na mlio wa kijiko.

"Ningeyapokea hivi hivi," Jedidah alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Ningeyaweka mezani siku hiyo hiyo." Kisha akavuta pumzi. "Tutangoja. Zéphyrin nitamlisha kwa mkono."

Ndipo ulipoanza msimu wa ajabu. Udongo mpya ulikuwa wa kijivu, mgumu, wenye chembe, na ulihitaji joto kali ambalo hugeuza udongo kuwa karibu na jiwe. Léoncie alichora vilima vyake kama kawaida. Tanuri lilipofunguliwa, hakuvitambua. Kijani kilikuwa kimezama kikawa rangi ya majani ya chai. Buluu ilikuwa imekolea. Na kilima cha waridi kilikuwa kimetoweka; mahali pake palibaki kivuli cha kijivu, kama mtu aliyepita mbele ya dirisha.

"Joto kali linakula rangi nyingine," Modestus alimweleza taratibu. "Waridi hiyo haiwezi kuvumilia."

Usingizini Léoncie aliota yuko chumba cha kufulia, anakunja mashuka, na kila shuka analolikunjua lina kilima ndani yake, chenye joto bado, na watu wadogo wanapanda wakiwa wamebeba mitungi. Hakumwona hata mmoja uso. Alipoamka alikuwa anajua tu kwamba vilima vile havikuwa vya waridi, na kwamba hilo halikumuuma tena. Alirudi karakanani akachora akiijua ile rangi ya majani ya chai, akiiachia nafasi.

Hakuna mawili yaliyotoka sawa. Lililokaa karibu na ukuta wa tanuri lilikuwa na kioo chenye kung'aa zaidi. Lililokaa rafu ya chini lilibaki na ukungu. Moja glezi yake ilikuwa imepakwa nzito ukingoni, ikayeyuka na kuteremka, ikiburuta buluu ya anga juu ya kilima kwa michirizi mirefu mpaka chini kabisa. Léoncie alitaka kuliweka kando.

"Lina kasoro?" Shiru aliuliza.

Modestus alilizungusha kwenye mwanga, akapitisha kidole ndani pote. "Ni laini. Halina nyufa, halina tundu, hakuna mahali palipo wazi ndani. Kasoro ni ile inayomdhuru mtu au kubakiza chakula. Hii ni sura yake tu."

Wakalipima moja likiwa kavu, na tena baada ya kulichemsha. Mizani haikusogea kiasi cha kusumbua mtu. Wakapasha uji ndani yake, na safari hii uji ulifuka mvuke huku ukingo wa bakuli ukishikika. Wakaacha kipande cha ndimu juu ya rangi mpaka asubuhi, wakatazama kama pamepauka. Hapakupauka. Modestus akasema ndimu ni ya kututuliza roho tu, si ushahidi, na bakuli moja la ziada likapelekwa maabara kupimwa kama linatoa risasi au kadmiamu, sumu nyingine ya rangi, kwenye chakula. Jibu liliporudi safi, Shiru alipiga vigelegele kwenye maegesho ya magari hadi mlinzi akatoka nje.

Maelezo waliyaandika upya pamoja, Léoncie akisema kwa Kiswahili, Shiru akitafuta Kiingereza chake na kumsomea tena kila mstari. Léoncie alikataa kila neno ambalo hakuwa amelishika kwa mkono wake. Yalipokamilika yalisomeka hivi:

"Bakuli hili limefinyangwa na kuchorwa kwa mkono. Rangi imefunikwa na glezi isiyo na risasi, na sampuli ya kundi hili imepimwa maabara. Unaweza kulitumia kwa chakula cha moto au baridi. Unaweza kupashia chakula kwenye maikrowevu, lakini usilitoe kwenye friji na kulipasha papo hapo, liache kwanza lizoee. Na lishike kwa uangalifu, maana chakula cha moto hupasha chombo chochote. Ukiona ufa, acha kulitumia kwa chakula. Picha ni ya bakuli moja, na lako ni jingine: mstari utahama, rangi itakolea au kufifia, ukubwa utapishana kidogo. Mabakuli mekundu ya udongo laini yana ukurasa wake. Hayo ni ya matunda na mkate, wala hayaingii maikrowevu."

"Ni ndefu," Shiru alisema.

"Mtu anayenunua chombo cha kulia ana muda wa kusoma," Léoncie alijibu.

Ikabaki safari ya Houston. Léoncie aliona ni jambo jepesi: akayapanga kwanza mabakuli ya majaribio, si yale ya wazee, moja ndani ya jingine, akayazungushia magazeti, akafunga boksi. Modestus aliliinua hadi kiunoni, akaliachia sakafuni. Mlio uliotoka humo uliwafanya wote wakunje nyuso.

"Njiani litaanguka hivyo," alisema bila ukali. "Hata ukiandika kwa herufi nyekundu. Mikanda ya mizigo haisomi."

Wakaanza upya. Kila bakuli likavikwa peke yake, kwanza karatasi laini ili kioo kisikwaruzwe, kisha plastiki ya mapovu mpaka likawa mviringo kama kabichi. Tumbo la kila moja likajazwa karatasi iliyofinyangwa. Kati ya moja na jingine wakasimamisha vipande vya boksi gumu ili udongo usiguse udongo. Boksi lilipojaa, wakalitikisa masikioni. Likikohoa, wanaongeza karatasi. Kisha boksi hilo likaingia ndani ya boksi kubwa zaidi, limeelea katikati, pande zote limezungukwa na karatasi iliyobanwa, chini na juu vilevile. Wakaliangusha na mabakuli mengine ya majaribio ndani yake, kwa pembe na kwa ubavu. Wakafungua. Yote yalikuwa mazima, yametulia kwenye mavazi yake kama mayai kiotani.

Yale sita ya wazee yalipofungwa hivyo, Léoncie aliweka kiganja juu ya boksi kwa muda. Alifikiria barabara ile ya kwenda kusini, malori, misonobari, mvua za Houston zinazoanguka bila kubisha. Vilima ambavyo hakuwa na hakika navyo vilikuwa vinakwenda kufunikwa na uji wa watu asiowajua. Akakiondoa kiganja, Shiru akalibeba boksi.

Jedidah alipiga simu ya video siku lilipofika. Alikuwa ameyapanga yote mezani, bado na vumbi la karatasi, na wazee wameyazunguka kama watu sokoni. Hakumgawia mtu. Alisema amewaacha wachague. Bibi mmoja mweupe mwenye nywele kama pamba alikuwa amelikumbatia lile la rangi ya majani ya chai na hataki hata lioshwe. Wawili walikuwa wanabishana kwa adabu juu ya moja.

Mzee Zéphyrin alikuwa mwisho wa meza, amevaa shati lililofungwa hadi shingoni. Mbele yake kulikuwa na lile bakuli la michirizi. Alikuwa analitazama ndani kwa utulivu, kichwa kimeinama upande.

"Mvua inakuya," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Iko juu ya mlima ule. Muanue nguo."

Jedidah akacheka, akaziba mdomo. Akalisuuza bakuli, akatia uji uliopashwa, akagusa ukingo kwanza kwa kidole chake, akalisukuma mbele ya mzee. Zéphyrin alitazama uji uliofunika kilima. Akauliza, "Hii ni ya nani?"

"Ya nani, mwalimu?" Jedidah akamrudishia swali.

Mzee alifikiri. Akatazama anga ya buluu iliyobaki ukingoni. "Mimi ndiye nimeona mvua," alisema, kama mwalimu anayetoa jibu ubaoni. Akachukua kijiko. Alikula polepole, akisimama mara kwa mara, na kila kijiko kilipoteremsha uji, michirizi ilizidi kuonekana, naye akaifuata mpaka chini.

Léoncie alikuwa amekaa kwenye kapu lake la mashuka wakati wa mapumziko, simu mkononi, mvuke ukipita kati yake na kioo cha simu. Shiru alipomuuliza baadaye ilikuwaje, alisema tu kwamba mzee alikula.

Tangu hapo amepunguza siku za hotelini, na ukurasa wa mabakuli mekundu una wanunuzi wake, watu wa maembe na mkate. Mara nyingine mtu huandika kulalamika kwamba la kwake halifanani na la picha. Shiru humtumia mstari ule wa maelezo, na mara nyingi mtu huyo hubaki nalo.

Juzi Jedidah alipiga tena. Wazee sasa wanataka vikombe vya chai.

"Vikombe vina mikono," Léoncie alimwambia, "na mikono bado hainikubali. Inapasuka pale inapoungana. Nipe muda."

Jumamosi alipanda treni kwenda Carrollton akiwa na donge la udongo wa kijivu ndani ya mfuko wa plastiki, amelipakata. Vidole vyake vilikuwa vinalibonyeza taratibu bila yeye kuviangalia, na nje ya dirisha Texas ilikuwa tambarare, joto likimetameta kwa mbali, kiasi kwamba mtu mwenye macho ya namna yake angeweza kuapa kuna kitu kimeinuka kule.